Gboard, kibodi ya Samsung, SwiftKey au HeliBoard: ipi inasahau nywila uliyoinakili?

Anayetaka kuchagua kibodi kwa ajili ya usiri huanza kwa kuuliza ipi "salama". Swali hilo halina jibu mpaka ujue simu inakumbuka wapi, maana kumbukumbu zenyewe ni tatu na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ubao wa kunakili wa mfumo wa simu. Huu kwa Android hubeba kitu kimoja tu: ukinakili kingine, cha kwanza kinafutika. Ya pili ni historia ya vitu vilivyonakiliwa, ile orodha unayoiona ukigusa alama ya ubao juu ya herufi. Hiyo kwa kawaida ni mali ya kibodi, nayo hujaza nakala yake yenyewe kila unaponakili. Ya tatu ni kamusi ya kujifunza, yaani maneno ambayo kibodi imeyaokota kutoka kwenye uandishi wako ili iyapendekeze siku nyingine.

Wengi huzima moja wakadhani wamezima zote. Ndiyo maana nalinganisha kibodi hizi nne kwa kumbukumbu zinazobaki, wala si kwa rangi, emoji au kasi ya kuandika.

Nywila moja, dakika sitini

Tuseme una programu ya kutunza nywila kwenye simu ya Android 13 au zaidi. Unagusa kitufe cha kunakili, nywila ya herufi 16 inaingia kwenye ubao, unahamia kwenye programu unayotaka kuingia, unabandika. Programu yako umeiweka ifute ubao baada ya sekunde 30.

Sekunde ile ile uliyonakili, mfumo ulizijulisha programu zenye ruhusa kwamba ubao umebadilika. Tangu Android 10, iliyotoka 2019, programu ya kawaida haiwezi kusoma ubao ikiwa haiko mbele ya macho yako. Kibodi uliyoichagua kuwa ya kudumu haimo katika katazo hilo: yenyewe inaruhusiwa kusoma wakati wowote. Kwa hiyo kama historia yake imewashwa, nywila imeshaandikwa kwenye orodha kabla hujabandika.

Sekunde 30 zinafika. Programu ya nywila inafuta ubao wa mfumo. Ukijaribu kubandika kwa kubonyeza sehemu ya kuandikia, hakuna kitu, nawe unaridhika. Lakini gusa alama ya ubao kwenye kibodi: nywila inaweza kuwa bado ipo pale, juu ya anwani uliyonakili asubuhi. Programu ya nywila ilifuta kile ilichoruhusiwa kufuta. Orodha ya kibodi si yake.

Android 13, ya 2022, iliongeza mambo mawili. Mfumo hufuta wenyewe kilichomo kwenye ubao baada ya muda, kama saa moja. Tena programu inaweza kuweka alama kwamba kilichonakiliwa ni nyeti, na hapo kile kidirisha kidogo kinachochomoza chini ya skrini baada ya kunakili huonyesha vitone badala ya herufi. Alama hiyo kazi yake rasmi ni kuficha kwenye kidirisha. Usiitegemee kuwa amri kwa kibodi isihifadhi, na ukinakili nywila kutoka kwenye notisi zako au kwenye ujumbe aliokutumia mtu, hakuna aliyeweka alama yoyote.

Nne zikiwekwa pamoja

| | Gboard | Samsung | SwiftKey | HeliBoard |
|---|---|---|---|---|
| Historia ya ubao huzimika? | Ndiyo | Matoleo mengi hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Kitu usichokibana ili kisifutike hukaa muda gani? | Saa 1 | Mpaka ukifute au kisukumwe na vipya | Saa 1 | Unaweka mwenyewe |
| Hutoka nje ya simu? | Inategemea mipangilio | Inategemea akaunti | Ndiyo, ukiunganisha na kompyuta | Haina ruhusa ya intaneti |
| Hali ya kutojifunza ya kuwasha kwa mkono | Hufuata programu unayoandikia | Zima mapendekezo | Ipo | Ipo |

Jedwali linasaidia macho, ila halionyeshi uzito wa kila mstari. Mstari wa pili ndio ninaoutazama kwanza, na hapo ndipo Samsung inapoachwa nyuma.

Samsung: kubadilisha kibodi hakutoshi

Kwa matoleo mengi ya One UI, yaani Android ya Samsung, orodha ya ubao haina saa ya kujifuta. Nywila uliyonakili wiki iliyopita inaweza kuwa bado imekaa, ikingoja uiondoe kwa mkono au isukumwe nje na vitu vipya. Kwa mtu anayenakili mara chache, kusukumwa huko kunachukua muda mrefu, na huyo ndiye asiyefungua orodha hiyo kamwe.

Jambo linalowashangaza watu ni hili: wanaweka Gboard, wanazima historia yake, wanaamini yamekwisha. Kwenye simu za Samsung, historia hii inasimamiwa na mfumo wenyewe, haikai ndani ya kibodi peke yake. Ukitaka kuona, washa paneli ya pembeni yenye jina `Clipboard` katika `Edge panels`. Vitu ulivyonakili ukitumia kibodi nyingine vinaweza kuonekana humo.

Kwa hiyo mwenye Samsung achague mojawapo ya njia mbili. Ama awe na mazoea ya kufungua orodha na kugusa alama ya pipa la taka kila anaponakili kitu cha siri, ama aache kabisa kupitisha nywila kwenye ubao. Mimi naamini njia ya kwanza haidumu. Utaikumbuka siku tatu za mwanzo, baada ya hapo mkono utasahau. Njia ya pili nitaieleza chini.

Angalia pia vitu vilivyofungwa kwa alama ya kufuli. Ukifuta orodha yote, hivyo huachwa, kwa sababu uliiambia simu ivitunze. Nimewahi kuona orodha iliyosafishwa vizuri, kitu pekee kilichobaki juu ni namba ya siri ya kadi, iliyobanwa makusudi ili "isipotee".

Gboard: inatosha kwa wengi, ukigusa swichi mbili

Gboard hufuta kisichobanwa baada ya saa moja. Saa moja ni afadhali kuliko wiki, lakini ni muda wa kutosha kumpa mtu simu apige picha, atafute namba, au aandike ujumbe na kuangukia alama ya ubao kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo zima historia. Fungua mipangilio ya Gboard, ingia `Clipboard`, kisha zima swichi ya kwanza. Kwenye ukurasa huo huo kuna swichi ya kuonyesha maandishi yaliyonakiliwa hivi karibuni kwenye mstari wa mapendekezo. Hiyo nayo izime. Ndiyo inayofanya nywila ichomoze juu ya herufi mara tu unapofungua sehemu ya kuandikia, hata katika mazungumzo yasiyohusika, na kuguswa kimakosa kunatosha kuituma. Ajali ya aina hiyo haihitaji mdukuzi.

Upande wa maneno, Gboard haijifunzi kutoka sehemu ambazo programu imezitambulisha kuwa za nywila. Pia Android tangu toleo la 8, la 2017, ina namna ya programu kuiambia kibodi isijifunze chochote. Vivinjari huitumia kwenye dirisha la faragha, na Gboard huonyesha alama ya kofia na miwani ukiwa humo. Ukiiona, ujue kwa sasa haiokoti maneno. Usipoiona, inaokota.

SwiftKey: kamba inayofika kwenye kompyuta

Kwa upande wa ubao, SwiftKey inafanana na Gboard: saa moja, isipokuwa umebana. Ubora wake ni hali fiche, yaani ile ya kutojifunza, unayoweza kuiwasha mwenyewe kwenye mstari wa juu, bila kungoja programu ikuombee. Ukitaka kumwandikia mwenzako nywila ya mtandao ndani ya mazungumzo ya kawaida, unaiwasha, unaandika, unaizima.

Udhaifu wake ndio huo huo unaowavutia watu: inaweza kuunganisha ubao wa simu na wa Windows kupitia akaunti ya Microsoft. Unanakili kwenye simu, unabandika kwenye kompyuta. Rahisi sana, ila sasa nywila ya benki iliyonakiliwa mkononi inakaa pia kwenye historia ya kompyuta ambayo pengine wengine wanaitumia. Ukiichagua SwiftKey, acha muunganiko huo umezimwa, uuwashe siku una kazi nao.

Na kuna tukio la kukumbuka. Mwaka 2016 huduma ya kusawazisha maneno ya SwiftKey ilikorofika, baadhi ya watumiaji wakaanza kupendekezewa anwani za barua pepe na namba za simu za watu wasiowajua. Kampuni ilisimamisha usawazishaji ule. Sielezi hili ili kuitupa SwiftKey. Linaonyesha tu kwamba kamusi yako ya kujifunza ikishapanda kwenye seva, si wewe peke yako unayeamua inaonekana wapi.

HeliBoard: haina njia ya kutoka

Hii ni kibodi ya msimbo huria, inapatikana kwenye F-Droid, duka la programu huria, na haiombi ruhusa ya intaneti. Kwa hilo huna haja ya kumwamini mtu: fungua orodha ya ruhusa zake uangalie mwenyewe. Historia ya ubao unaweza kuizima, au kuiacha kwa muda unaoupanga. Hali ya kutojifunza unaweza kuilazimisha iwe ya kudumu.

Gharama yake ni uandishi wenyewe. Kuandika kwa kutelezesha kidole hakuji nayo moja kwa moja, na mapendekezo yake ni maskini zaidi kuliko ya Gboard. Ukilazimisha isijifunze, itaendelea kuyaona majina ya watu wako kama makosa ya tahajia, leo na mwakani. Kwa anayeandika kurasa kwa siku, hilo linachosha kweli.

Utakapoiwasha, Android itakuonya kwamba kibodi hii inaweza kukusanya yote unayoandika, pamoja na nywila na namba za kadi. Usishtuke. Onyo hilo hutolewa kwa kibodi yoyote unayoiongeza, nzuri na mbaya, na halijui kama ina intaneti au haina.

Maneno yanayookotwa

Huku ndiko watu hawaangalii. Sehemu ya nywila iliyotambulishwa vizuri haina shida, hata ukigusa alama ya jicho ili uone unachoandika ndani ya programu iliyotengenezwa sawasawa. Shida ni sehemu nyingine: notisi, mazungumzo, kisanduku cha kutafutia, na fomu ambazo mtengenezaji aliweka sehemu ya kawaida kwa ajili ya namba ya siri.

Dalili ya kwamba fomu ni mbovu ni rahisi kuiona. Ukianza kuandika namba ya siri na mstari wa mapendekezo unaendelea kukupa maneno, kibodi inaichukulia sehemu ile kuwa maandishi ya kawaida. Simama, washa hali ya kutojifunza kwanza.

Nywila za maneno kadhaa ndizo zilizo hatarini zaidi. Chukua nywila ya kubuni kama `kobe samawati ngazi tisini`. Kibodi haijifunzi maneno peke yake, inajifunza pia neno gani hufuata lipi. Ukiiandika mara chache kwenye mazungumzo, siku moja utaandika "kobe" katika sentensi ya kawaida na mstari wa juu utakupa "samawati". Ukigusa, itakupa "ngazi". Aliyeishika simu yako hahitaji kuijua nywila. Anahitaji neno la kwanza tu.

Neno moja lililookotwa unaweza kuling'oa: libonyeze kwa muda kwenye mstari wa mapendekezo, kisha kwa Gboard liburute hadi alama ya pipa, au kwa SwiftKey kubali linapouliza kama lifutwe. Kwa mlolongo wa maneno, kung'oa moja moja hakutoshi. Futa yote. Gboard ina `Delete learned words and data` ndani ya `Privacy`, nayo hukutaka uandike namba inayokuonyesha ili kuthibitisha. Kwa Samsung, ingia `Reset to default settings` katika mipangilio ya kibodi, chagua `Erase personalized predictions`. Utapoteza mazoea yote uliyoijengea kibodi, na kwa wiki kadhaa itakuwa kama mgeni. Kamusi binafsi, yaani maneno na vifupisho ulivyoingiza mwenyewe kwa mkono, hukaa mahali pake tofauti, kwa hiyo ipitie nayo. Wapo walioweka kifupisho cha herufi mbili kinachofunguka kuwa nywila nzima.

Kutopita kwenye ubao kabisa

Kujaza kiotomatiki kunashinda kibodi zote nne. Programu ya kutunza nywila ikiteuliwa kuwa huduma ya kujaza kwenye mipangilio ya simu, inaweka nywila moja kwa moja kwenye sehemu yake. Ubao hauguswi, kwa hiyo hakuna historia ya kusafisha, iwe ya kibodi au ya Samsung.

Tangu Android 11, pendekezo la kujaza linaweza kutokea juu ya herufi, mahali pale pale pa maneno ya kibodi. Watu huogopa wakidhani kibodi sasa inaona akaunti zao. Haioni. Mfumo ndio unaochora kipande kile, kibodi imetoa nafasi tu, na kilichomo hakiifikii.

Kunabaki programu na tovuti zinazokataa kujazwa. Kwa hizo nakili, bandika, kisha nakili neno lolote lisilo na maana juu yake. Hilo husafisha ubao wa mfumo hata kwenye simu ya zamani, lakini orodha ya kibodi uifungue na kuifuta kivyake.

iPhone na kompyuta, kwa kifupi

Kibodi ya Apple kwenye iPhone haina orodha ya historia. Ubao hubeba kitu kimoja. Tangu iOS 16 programu inayotaka kusoma ulichonakili kwingine hukuomba ruhusa. Ukiongeza kibodi ya nje, iOS huirudisha ya Apple kwenye sehemu za nywila, ila kwingine kote hiyo ya nje inafanya kazi, na `Allow Full Access` ndiyo inayoifungulia mtandao. Iache imezimwa. Ukinakili ukiwa karibu na Mac au iPad yenye akaunti yako, kitu hicho kinaweza kubandikwa kule kwa muda mfupi; anayeshiriki kompyuta azime `Handoff`.

Kwenye Windows, bonyeza `Win+V`. Ikikuomba uwashe historia, basi haikuwa imewashwa. Ikikuonyesha orodha, inabeba mpaka vitu 25, na visivyobanwa hufutika ukizima na kuwasha kompyuta. Anayeiacha kompyuta ikilala tu miezi mizima haifuti kamwe. Programu nzuri za nywila, KeePassXC mojawapo, huiomba Windows isiweke nywila katika orodha hiyo, lakini nywila uliyonakili kutoka kwenye faili la maandishi itaingia.

Ningechagua ipi

Kwa simu isiyo Samsung na mtu anayeandika sana, Gboard yenye historia iliyozimwa, pamoja na kujaza kiotomatiki. Anayeshika siri za watu wengine, kama mwanasheria au mhasibu, HeliBoard, avumilie uandishi mzito. SwiftKey ningempa anayehitaji hali fiche ya kuwasha kwa kidole mara kwa mara na asiyeunganisha kompyuta. Mwenye Samsung abaki na kibodi yoyote anayoipenda, kwa kuwa tofauti kubwa kwake italetwa na kujaza kiotomatiki.

Ukishachagua, pima kabla hujaamini. Nakili maneno ya uongo kama `jaribio-zambarau-418`, fungua alama ya ubao uone kama yameingia. Kwa Samsung angalia na paneli ya pembeni. Rudi baada ya saa moja na kidogo, kisha zima na kuwasha simu uangalie tena. Halafu andika `jaribio-zambarau` mara kadhaa kwenye notisi, na kesho yake anza "jari" uone kibodi inakupa nini. Fanya hivyo tena baada ya kila sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu swichi hizi huhamishwa, na mara nyingine hurudi kuwashwa.